Kuzungumzia pesa na unayeelekea naye kwenye ndoa bila kumfanyia usaili

Mmekutana mtandaoni, mmeonana ana kwa ana mara kadhaa, na sasa kila mmoja ameanza kumtaja mwenzake kwao. Kipindi hiki ndicho cha kuzungumzia pesa, kabla mshenga hajatumwa na kabla wazee hawajapanga tarehe. Tatizo ni namna. Wengi hunyamaza mpaka mahari ipokelewe. Wengine hukaa mezani siku moja na kumimina maswali: unapata kiasi gani, una madeni, una kiwanja, utatupangia wapi? Yote ni maswali ya haki, lakini yakija mfululizo mtu huanza kuchagua jibu litakalompitisha. Unaondoka na majibu mazuri ambayo hayakusaidii kuishi naye.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Kaka ni mwalimu wa sekondari ya binafsi Dar es Salaam, amepanga Kimara, mshahara wake ni shilingi 900,000. Dada ana frem ya vitenge Mwenge na huwa anasema, kwa siku nzuri, "nauza laki mbili." Hao wawili ni wa kutunga, lakini makato yao na hesabu zao ni za maisha ya kawaida ya Tanzania.

Hatua ya kwanza: jua zako kabla ya kuuliza zake

Mtu asiyejua hesabu zake huwa hana la kutoa, kwa hiyo hubaki kuuliza tu. Hapo ndipo mazungumzo yanapogeuka usaili. Chukua karatasi, jioni moja, andika kinachoingia mkononi na kinapokwenda.

Mwalimu wetu akiandika ataona hivi. Kwenye 900,000, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 90,000. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye 810,000 iliyobaki, inakuwa 80,500. Alisoma kwa mkopo, kwa hiyo Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000. Kinachofika benki ni 594,500. Humo anatenga 100,000 ya kodi ya chumba, anamtumia mama 80,000, anaweka 60,000 kwa ada ya mdogo wake, anatumia 220,000 kwa chakula na nauli, ananunua hisa za kikoba za 40,000 na kulipa marejesho ya 50,000. Zinabaki 44,500, nazo mara nyingi huishia kwenye michango ya harusi na misiba.

Dada naye akikaa na daftari lake ataona kwamba laki mbili ni mauzo. Kitenge anachokiuza 25,000 alikinunua 20,000, kwa hiyo vitenge vinane vinampa 40,000. Kwa siku 26 za kazi, kama kila siku ingekuwa nzuri, hiyo ni 1,040,000. Toa frem 300,000, msaidizi wa dukani 180,000, halafu umeme, usafiri wa mzigo, chakula cha mchana na kodi ya mapato, tuseme 200,000. Zinabaki 360,000, na mwezi mbaya zinapungua.

Sasa fikiria wangetajiana namba tu. Dada angesikia laki tisa, kaka angesikia laki mbili kwa siku na kuzidisha mpaka milioni tano. Hakuna aliyedanganya, na wote wawili wangeingia kwenye ndoa na mtu ambaye hayupo. Ndiyo maana sishauri kuanza na swali la "unapata shilingi ngapi?" Namba ya mapato ije mwishoni, ikishazungukwa na maelezo.

Hatua ya pili: ingilia kwenye jambo linalotokea

Maisha yenyewe huleta milango: mwenye nyumba akidai, mwezi ukiisha, kadi ya mchango ikiletwa kazini, shule zikifunguliwa. Mlango ukifunguka, sema lako kwanza, kwa ukweli wake wote, halafu uliza kuhusu jambo lile lile kwa upande wake. Usiulize tabia. "Wewe ni mtunzaji wa pesa?" haina jibu zaidi ya ndiyo. Uliza alivyofanya.

Mfano, mwalimu anamsindikiza dada kituoni baada ya kufunga duka:

"Mwenye nyumba kanipigia leo, anataka ya miezi sita mwezi ukiisha. Nilikuwa natenga laki kila mwezi, ila mwezi wa tatu nikachomoa nikamlipia mdogo wangu ada. Sasa nahangaika kuziba. Wewe ya frem huwa unajipangaje?"

"Mimi nacheza mchezo. Tupo kumi na wawili pale pale sokoni, elfu sabini na tano kila wiki. Zamu yangu ikifika napokea laki tisa, ndiyo kodi ya frem ya miezi mitatu."

"Na wiki soko likilala?"

"Hiyo nakula mihogo, lakini mchezo natoa. Ukikosa mara moja hakuna atakayekuweka kwenye raundi nyingine."

Angalia kilichopatikana bila yeyote kuhojiwa. Mwalimu amejua kwamba dada anatenga kodi kabla ya kula, kwamba wenzake wanamwamini, na kwamba kila wiki kuna 75,000 isiyoguswa. Dada amejua kwamba mwalimu hutenga, lakini ada ikigonga mlango akiba yake huchomolewa. Hilo la mwisho ni la thamani kubwa, na lisingepatikana kwa swali la moja kwa moja.

Swali la mwalimu la soko kulala lilitokana na jibu alilopewa, na hapo ndipo mazungumzo na usaili vinapoachana. Anayesaili ana swali lake la pili tayari kabla ya kusikia jibu la kwanza. Kwa hiyo shika jambo moja kwa siku. Ukishapata la kodi, rudini kwenye stori nyingine, la madeni lina siku yake.

Mambo mazito msiyafanye kwa meseji. Mtu akiandika huwa na muda wa kupamba, nawe husikii sauti yake. Msiyazungumze pia bili ikiwa mezani au mmoja akiwa amepungukiwa siku hiyo, maana kila neno litasikika kama kuomba au kusimanga. Kutembea pamoja, kupika, kusubiri mishkaki iive, hizo ni nafasi nzuri kwa sababu kila mtu ana kitu kingine cha kutazama.

Kama bado hamjaonana ana kwa ana, usitaje akiba, kikoba wala mali yako kabisa. Mtu wa mtandaoni anayeomba nauli na ya kutolea kabla ya kuonana, halafu safari ikaahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa ghafla, hajafika kwenye mwongozo huu.

Hatua ya tatu: nyumbani

Hapa ndipo ndoa nyingi za kwetu hukwaruzana, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Mshahara unaweza kukubaliana nao. Pesa inayotoka kila mwezi kwenda kwa watu usiowajua vizuri ni vigumu zaidi, hasa ukiigundua ukiwa tayari ndani.

Kosa la kawaida ni kuuliza, "Tukioana utaendelea kuwatumia?" Hata kama umeuliza kwa upole, mwenzako anasikia kwamba unataka kumkata na mama yake, na kuanzia hapo atamtetea mama badala ya kuzungumza nawe. Geuza. Mwalimu anaweza kusema:

"Kuna kitu naomba ukijue mapema. Mama yangu ana presha, dawa zake nazibeba mimi, na hilo sitaliacha. Kwako kuna nani ambaye huwezi kumwacha?"

Dada akijibu, sikiliza mambo matatu ndani ya jibu lake. La kwanza ni kama kinachotoka kina kiwango au kinakuja kwa dharura. Elfu themanini kila mwezi inapangika. "Wakikwama wananipigia" haipangiki, na mara nyingi kwa mwaka mzima huzidi ile ya kila mwezi. Mtu wa dharura hawezi kukutajia jumla, kwa hiyo usimbane. Muulize tu mara ya mwisho ilikuwa ya nini, na ilimgusa vipi mwezi ule.

La pili ni mwisho wake. Mwalimu anabeba ada ya mdogo aliye kidato cha tatu, mzigo huo utaisha akimaliza cha nne. Dawa za mama hazina tarehe. Ukichanganya hivyo viwili utamwona mwenzako amebeba mengi kuliko alivyobeba, au machache kuliko yaliyopo.

La tatu, na watu hulisahau, ni nani anaamua. Kuna familia ambazo kaka mkubwa hupiga hesabu, hugawa, kila mtu hutoa fungu lake. Kuna nyingine ambazo mmoja tu ndiye mwenye kazi, na kila shida inamwangukia yeye, hata mtoto wa shangazi. Kumjua huyo ni rahisi: muulize kwao nani hupigiwa simu kwanza kukiwa na mgonjwa. Akisema "mimi" bila kufikiri, jua simu hiyo itapigwa hata usiku wa harusi yenu. Hiyo si sababu ya kumwacha. Ni sababu ya kukubaliana mapema kwamba dharura itakuwa na fungu lake na kiwango chake, na kwamba ikizidi mnaambiana kabla ya kutuma.

Ukiwa hapo, gusia pia ujenzi. Wako wanaojenga kijijini kwenye kiwanja cha baba, miaka mingi, tofali kwa tofali. Swali la kuuliza ni jepesi: "Ile nyumba mnayojenga kule ni ya mzee au ni yako?" Jibu litakuambia kama pesa hiyo inajenga kitu chenu au ni zawadi kwa wazazi. Yote mawili ni sawa, mradi mnajua ni lipi.

Hatua ya nne: madeni

Neno "deni" watu hulisikia kwa namna tofauti. Dada anaweza kusema hana deni, na kwa moyo safi, huku amechukua mzigo wa vitenge kwa mali kauli ambao atalipa ukiuzika. Mwalimu anaweza kusema hana deni kwa sababu Bodi ya Mikopo inakata yenyewe. Kwa hiyo usiulize kama yapo. Taja lako, kwa sehemu tatu: limebaki kiasi gani, linakula kiasi gani kwa mwezi, linaisha lini.

"Kikoba nilikopa laki sita, niliweka kitanda na friji. Narudisha elfu hamsini kwa mwezi, zimebaki laki mbili, kwa hiyo miezi minne nimemaliza. Ya Bodi ndiyo itakaa, inakatwa kabla mshahara haujanifikia, na bado ni miaka."

Ukishasema, nyamaza. Usimalizie na "na wewe?" Wengi hawajibu palepale. Watajibu kesho yake au wiki inayofuata, wakati mnaongea jambo lingine, na jibu hilo la kuchelewa huwa la kweli kuliko la haraka.

Madeni ya kusikiliza kwa makini ni mawili. La kwanza ni udhamini. Mtu aliyemdhamini rafiki kwenye SACCOS au kikoba hajioni kama mdaiwa, lakini rafiki akikimbia, mdhamini ndiye anayelipa. La pili ni mikopo ya haraka: kausha damu za mtaani na programu za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo walijulikana kwa kuwatumia meseji za aibu watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Ukipokea meseji ya namna hiyo kuhusu mwenzako, usimtumie picha ya meseji hiyo na swali la "hii nini?" Subiri muonane, mwambie umeipata, mwache aeleze. Mkopo mmoja uliochukuliwa kwa ajili ya hospitali ni jambo moja. Anayekopa kwenye programu ya pili ili kulipa ya kwanza ana shida inayokua kila wiki, na hiyo haisubiri ndoa.

Hata Songesha na huduma za kumalizia salio zina cha kukufundisha. Anayeitumia mara moja tarehe za mwisho amepungukiwa. Ambaye kila pesa inayoingia inalipa kwanza deni la simu anaishi mwezi mmoja nyuma ya kipato chake. Utalisikia mwenyewe kwenye maneno yake: "usinitumie kwenye namba ile, wataikata."

Katika kipindi hiki usimwombe mwenzako kuona taarifa yake ya benki wala meseji za M-Pesa, na namba ya siri usiitaje kabisa. Wakati wa kuoneshana karatasi upo, nao ni tarehe ya posa ikishakubaliwa, na iwe kwa wote wawili, siku moja.

Na kama wiki moja baada ya kutaja akiba yako ya kikoba umeombwa mkopo kutoka humo, usitoe. Mwambie akiba hiyo ina kazi yake, halafu angalia anavyopokea. Anayekubali na kuendelea vile vile ni mmoja. Anayepoa kwenye simu kwa siku kadhaa amekwisha kukujibu.

Hatua ya tano: matarajio, kwa kupiga mwezi mmoja pamoja

Sasa namba za mapato zinaweza kutajwa, kwa sababu kila mmoja anajua kilichozizunguka. Lakini kwanza semeni mlivyolelewa. Kuna nyumba ambazo baba aliacha hela ya matumizi mezani kila asubuhi na pesa ya mama haikuulizwa. Kuna nyingine mama ndiye aliyebeba kila kitu, na baba hakusema anapata nini. Dada wetu amekulia ile ya kwanza, na anatarajia mume ahudumie. Ana msingi. Katika Uislamu matumizi ya mke ni wajibu wa mume na mali ya mke ni yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inampa mume jukumu la kumtunza mke, na inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mtu. Frem ya vitenge aliyoanzisha kabla ya ndoa inabaki yake.

Kubishana juu ya nani yuko sahihi hakuzai kitu. Chukueni mwezi mmoja wa kufikirika, mwezi wenu wa kwanza, muupige mahesabu kwenye karatasi moja. Anayeanza aseme, "Hebu tuone kama inawezekana," na tarajio la mmoja liwekwe kama lilivyo. Tuseme mwalimu anabeba kila kitu. Kwenye 594,500 toa 140,000 ya nyumbani na 90,000 ya kikoba, zinabaki 364,500. Dada angependa vyumba viwili na sebule, wamepata cha 200,000. Zinabaki 164,500 za chakula, umeme, maji, gesi na nauli za mwezi mzima kwa watu wawili, wakati mwalimu peke yake sasa anatumia 220,000. Haitoshi, na sasa karatasi ndiyo inayosema hivyo badala ya mmoja kumwambia mwenzake kwamba hawezi.

Kutoka hapo wana njia kadhaa, na ni zao kuchagua. Hawa wanaweza kukubaliana kukaa kwenye chumba cha Kimara mwaka wa kwanza: kodi 100,000, chakula na mengine 264,500. Dada anaachiwa faida ya duka aongeze mzigo na ajitegemee nauli. Marejesho ya kikoba yakiisha kwa miezi minne na mdogo akimaliza kidato cha nne, zinarudi 110,000 kwa mwezi, ndipo wahame. Tarajio la dada limeheshimiwa, limepewa tu tarehe.

Kwenye karatasi hiyo hiyo wekeni swali la mtoto: dada akijifungua, duka linakaa na nani kwa miezi mitatu, na mchezo wa sokoni unalipwa na nini? Na la sherehe lipite haraka. Mahari itasemwa na wazee kupitia mshenga, ninyi ulizaneni tu kila upande umezoea kiasi gani ili pasiwe na mshtuko. Harusi ya kamati na michango iwe na kiwango ambacho ahadi zisipotimia hakuna atakayekopa kuziba.

Majibu yanayohitaji kuangaliwa

Kuona aibu ni kitu kimoja na kuficha ni kingine, na vinafanana mwanzoni. Mwenye aibu huzungumza kidogo, akarudi, akaongeza. Hadithi yake inakua lakini haibadiliki. Anayeficha hubadilisha: mwezi uliopita deni lilikuwa la kaka yake, leo ni la duka. Au hukasirika kila jambo likigusa pesa, hata lile ulilolisema kuhusu wewe mwenyewe. Au hujibu "tutajua mbele ya safari" kwa kila kitu, tena kwa tabasamu.

Kwa huyo wa mwisho, mpe nafasi tatu za kawaida, kwa milango mitatu tofauti: ya kodi, ya nyumbani, ya karatasi. Kama zote zimepita bila hata jambo moja la kweli kutoka kwake, mwambie wazi, kwa adabu, kwamba huwezi kumtuma mshenga, au kumruhusu wa kwake aje, mpaka mkae na karatasi ile. Tarehe ya posa isogezwe. Wazee wakiuliza sababu, inatosha kusema bado kuna mambo mnayaweka sawa.